Dawa ya presha inakukohoza? Namna ya kuamua kati ya lisinoprili na losatani

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya muuguzi, tabibu au mhudumu wa dawa anayeulizwa maswali haya kila siku, na pia kwa mwenye presha anayetaka kuelewa anachomeza. Maswali yenyewe yanafanana. Mtu anakohoa wiki ya sita sasa na dawa za kifua hazimsaidii. Mwingine ameamka mdomo umevimba, hajui kama ni mdudu au ni chakula. Mwingine kabadilishiwa dawa na anaona, kwa kuwa hii mpya “haina madhara”, hakuna haja tena ya kwenda maabara. Huyo wa mwisho ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wanavyodhani wengi.

Hatua ya kwanza: jua dawa ni ya familia gani

Geuza boksi usome jina la kitaalamu, lile lenye herufi ndogo chini ya jina la biashara. Likiishia na pril, ni familia ya kwanza: kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, ramiprili, perindoprili. Likiishia na sartan, ni familia ya pili: losatani, telmisatani, valsatani, kandesatani. Usiridhike na rangi ya kidonge wala jina la kampuni. Siku hizi vidonge vingi vimebeba dawa mbili kwa pamoja, na mgonjwa anaweza kukuapia kwamba anatumia amlodipini peke yake kumbe ndani yake mna perindoprili.

Tofauti ya familia hizi ni ndogo ukiisoma, lakini kila kitu kinachofuata kinatokana nayo. Mwilini kuna homoni iitwayo anjiotensini ya pili. Kazi yake ni kubana mishipa ya damu na kuzifanya figo zibakize chumvi na maji, na kwa njia hiyo presha hupanda. Pril inazuia kimeng'enya kinachoitengeneza homoni hiyo. Satani haizuii utengenezaji. Yenyewe inaziba kile kipokezi ambacho homoni inakuja kukishika.

Sasa, kimeng'enya kile kina kazi nyingine ambayo haina uhusiano na anjiotensini. Kinavunjavunja kemikali iitwayo bradikinini. Ukikizuia, bradikinini inalundikana. Ikilundikana kwenye njia ya hewa inasisimua neva na mtu anakohoa. Ikilundikana kwenye mishipa midogo ya mdomo, ulimi au koo, kuta za mishipa hiyo zinaachia majimaji na sehemu hiyo inavimba. Satani haikigusi kimeng'enya hicho, kwa hiyo bradikinini inaendelea kuvunjwa kama kawaida.

Si ajabu sana kwamba pril ina tabia hiyo, ukijua ilikotoka. Katika miaka ya 1960 Sérgio Ferreira, mwanasayansi wa Brazil, alionyesha kwamba sumu ya nyoka wa kwao aitwaye jararaka ina kitu kinachoiongezea nguvu bradikinini. Kutokana na njia hiyo ya uchunguzi ndipo ikatengenezwa kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Losatani ilifuata katikati ya miaka ya 1990.

Kwa hiyo shika mgawanyo huu kabla hujajibu swali lolote: kikohozi na uvimbe wa mdomo ni mambo ya bradikinini, na kwa sehemu kubwa ni ya pril peke yake. Figo na potasiamu ni mambo ya anjiotensini, na yanazihusu familia zote mbili sawasawa. Anayehamia losatani anaacha kikohozi nyuma, ila maabara anakwenda nayo.

Hatua ya pili: kikohozi, ni cha dawa au ni cha kifua?

Tuchukue mgonjwa wa mfano. Ni mama wa miaka 56, muuza mbogamboga sokoni Tanga. Presha yake ilikuwa 168/98. Alianzishiwa amlodipini miligramu 5, kisha ikaongezwa lisinoprili miligramu 10 mara moja kwa siku. Kabla ya lisinoprili alipimwa damu: kreatinini, inayoonyesha figo zinavyochuja, ilikuwa 82, potasiamu 4.3. Presha imeshuka hadi 134/82, kila mtu anafurahi. Tatizo ni kikohozi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nipe dawa ya kifua, ile nyingine haikunisaidia.”

“Ipi hiyo?”

“Nimemeza vidonge kopo mbili, na dawa ya maji chupa tatu. Nikilala tu, koo linawasha.”

Hapo usichukue chupa ya nne rafuni. Uliza kwanza kilianza lini ukilinganisha na dawa ya presha. Kikohozi cha pril kinaweza kuanza saa chache baada ya kidonge cha kwanza, lakini mara nyingi huja baada ya wiki kadhaa, na wakati mwingine baada ya miezi. Huo ucheleweshaji ndio unaowapoteza watu, kwa sababu mgonjwa hakumbuki kuihusisha dawa aliyoizoea na kikohozi kilichoanza juzi.

Kisha uliza kikoje. Kikohozi hiki ni kikavu. Mgonjwa anaeleza kuwashwa kooni, kama unyoya umekwama, na anakohoa bila kutoa kitu. Akilala kinazidi. Wanawake wanakipata zaidi kuliko wanaume. Katika tafiti mbalimbali idadi imetofautiana sana, kuanzia watu 5 hadi 20 katika kila 100 wanaotumia pril. Kuwa mwangalifu na namba hizo, maana kukohoa kidogo na kukohoa hadi kushindwa kuendelea na dawa ni vitu viwili. Katika utafiti wa ONTARGET uliotolewa mwaka 2008, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 25,000, walioacha ramiprili kwa sababu ya kikohozi walikuwa asilimia 4.2, na walioacha telmisatani kwa sababu hiyohiyo walikuwa asilimia 1.1.

Mama wa Tanga alianza kukohoa wiki ya tano baada ya lisinoprili. Hana homa, hatoi makohozi, hajapungua mwili, hatoki jasho usiku. Hapumui kwa shida akipanda ngazi, miguu haijavimba, halali kwa mito mitatu. Hana kiungulia, wala hana historia ya pumu. Picha yote inaelekea kwenye dawa.

Hata hivyo, huku kwetu mtu aliyekohoa wiki mbili au zaidi anapimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, na kidonge cha presha hakimwondolei haki hiyo. Nimeona pande zote mbili za kosa: mgonjwa anayezungushwa miezi minne kwa antibayotiki kumbe ni enalaprili, na mgonjwa anayeambiwa “ni dawa hiyo, vumilia” kumbe ana TB. Njia ya kuepuka yote mawili ni kufanya mambo mawili kwa pamoja. Peleka makohozi maabara, na wakati huohuo daktari abadilishe dawa. Hakuna sababu ya kusubiri jibu moja ndipo uanze la pili. Na kama mgonjwa anaishi na virusi vya Ukimwi, usihesabu hata wiki mbili. Kikohozi chochote kinatosha kumpima.

Hatua ya tatu: badilisha, na ubadilishe kwa usahihi

Kuna njia tatu ambazo watu hujaribu na hazifai. Ya kwanza ni kupunguza dozi. Kikohozi hiki hakifuati ukubwa wa dozi, hivyo lisinoprili miligramu 5 itakukohoza karibu sawa na ya 10, isipokuwa sasa na presha nayo inapanda. Ya pili ni kuhamia pril nyingine, kutoka enalaprili kwenda ramiprili. Ni kimeng'enya kilekile kinachozuiwa. Ya tatu ni kuongeza dawa ya kikohozi juu yake, jambo linalomfanya mgonjwa ameze dawa ya pili kwa ajili ya madhara ya dawa ya kwanza.

Kinachofanya kazi ni kutoka pril kwenda satani. Kwa mama wetu, daktari aliandika losatani miligramu 50 mara moja kwa siku badala ya lisinoprili miligramu 10. Amlodipini inaendelea. Kwa kuwa sababu ni kikohozi na si uvimbe, hakuna haja ya kukaa siku bila dawa: leo asubuhi alimeza lisinoprili, kesho asubuhi anameza losatani. Mtu anayetumia dozi kubwa ya dawa ya kukojosha, au aliyetoka kuharisha na mwili umekauka, daktari huanza na miligramu 25.

Maneno utakayomwambia hapo yana uzito kuliko dozi. Mwambie hivi: “Mama, hizi za zamani usizimeze tena pamoja na hizi mpya. Zirudishe au zitenge kabisa.” Nyumbani kuna vidonge vya lisinoprili vilivyobaki, na mtu aliyevinunua kwa hela yake haoni raha kuvitupa. Kumeza pril na satani pamoja si kujiongezea kinga. ONTARGET huohuo ulijaribu kuziunganisha, na waliopewa zote mbili hawakupata faida zaidi kwenye moyo wala kiharusi. Walichokipata zaidi ni presha kushuka mno, kuzimia na figo kuzorota.

Mwambie pia kwamba kikohozi hakitakatika kesho. Kwa wengi kinaisha ndani ya wiki 1 hadi 4 tangu kuacha pril, lakini wapo ambao huchukua hadi miezi 3. Usipomwambia hilo, baada ya siku kumi atarudi akisema na hii mpya nayo inamkohoza, na kuna hatari ya kuachishwa dawa nzuri bila kosa. Kupona huko ndiko kunakothibitisha kwamba dawa ilikuwa chanzo, maana hakuna kipimo cha damu kinachoweza kukuambia. Ikipita miezi mitatu bado anakohoa, au katikati pakajitokeza homa, damu au kupungua mwili, sahau habari ya dawa na uanze uchunguzi upya.

Majibu ya makohozi ya mama yalirudi hayana TB. Wiki ya tatu ya losatani alikuwa analala usiku kucha.

Uvimbe wa mdomo: hapa haraka inabadilika

Kikohozi ni usumbufu. Unaweza kupanga miadi ya kesho. Uvimbe wa uso unaotokana na bradikinini, madaktari wanauita anjioedema, unaweza kuziba koo ndani ya saa chache. Ni nadra. Kwa ujumla hauwafikii hata watu 7 katika kila 1,000 wanaotumia pril. Lakini hauwagawii watu sawa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao ALLHAT, waliotumia lisinoprili wakavimba walikuwa asilimia 0.4 kwa jumla, na kwa washiriki Weusi ikafika asilimia 0.7. Kliniki zetu zimejaa watu wenye asili hiyohiyo, kwa hiyo kwetu hili si la kusoma kwenye karatasi ya boksi na kulipita.

Utautambuaje? Angalia ngozi kwanza. Mzio wa chakula au wa mdudu kwa kawaida huja na mwasho na vipele vilivyoinuka. Uvimbe wa pril hauwashi, wala hauna vipele. Mara nyingi unakaa upande mmoja au sehemu moja: mdomo wa chini umejaa kama umepigwa, au ulimi umekuwa mzito, au kope. Ngozi yenyewe inaonekana ya kawaida, imetanuka tu. Uvimbe hukua polepole kwa saa kadhaa na huweza kudumu siku moja hadi tatu.

Mtego ni muda. Hatari ni kubwa zaidi wiki za mwanzo, ndiyo, lakini wapo wanaovimba baada ya mwaka, hata baada ya miaka kadhaa ya kutumia dawa ileile bila tatizo. Mgonjwa atakuambia, “Hii naimeza mwaka wa nne, haiwezi kuwa hii.” Inaweza. Mtego wa pili ni uvimbe mdogo uliokuja ukaisha wenyewe. Mdomo ulivimba Jumapili, Jumatatu ukashuka, akaendelea na kidonge. Huyo anasubiri wa pili, na wa pili unaweza kuwa kwenye ulimi. Kwa hiyo kila anayetumia pril mwulize swali moja anapokuja kuchukua dawa za mwezi: “Umewahi kuvimba mdomo, ulimi au uso tangu uanze dawa hii, hata kidogo?”

Akikujibu ndiyo, au akikujia amevimba, fuata mpangilio huu.

Dawa inaachwa saa hiyohiyo. Hasubiri kumaliza boksi wala kumwona daktari wake wiki ijayo.

Kisha sikiliza sauti yake kuliko unavyoangalia mdomo. Sauti ikibadilika ikawa nzito au kama ana kitu mdomoni, akishindwa kumeza mate yakawa yanamtoka, akitoa mlio anapovuta hewa, au ulimi ukiwa umevimba, huyo anahitaji mahali penye mtu anayeweza kuweka mpira wa hewa kooni na, ikibidi, kufungua njia ya hewa shingoni. Zahanati haitoshi. Mkalishe wima, usimlaze, usimpe chakula wala vidonge, tafuta usafiri na piga simu hospitali kabla hamjafika ili wajiandae.

Kwenye kituo, kama njia ya hewa iko hatarini au huwezi kuwa na uhakika kwamba si mzio mkali, choma adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima. Usiinyime kwa sababu umesoma kwamba haifanyi kazi vizuri kwenye uvimbe wa bradikinini. Lakini jua kwamba, kwa uvimbe huu, adrenalini, haidrokotisoni na dawa za mzio mara nyingi hazileti unafuu unaoutarajia, kwa sababu histamini si mhusika. Ninaposikia mgonjwa amechomwa haidrokotisoni mara tatu huku akisubiriwa “apate nafuu”, najua muda wa rufaa umeliwa bure. Dawa hizo zisipomsaidia haraka, hiyo yenyewe ni dalili kwamba unashughulika na pril, na jibu ni kumhamisha.

Uvimbe ukishaisha linabaki swali la dawa gani atumie. Hatarudi kwenye pril yoyote, maisha yake yote. Kwa presha peke yake, njia salama ni amlodipini, dawa ya kukojosha kama haidroklorothiazaidi, au zote mbili, ambazo hazina uhusiano na bradikinini. Vipi losatani? Wachache waliovimba kwa pril huvimba tena kwa satani, wengi hawavimbi. Kwa hiyo haikatazwi kabisa, ila inahitaji sababu ya maana, kwa mfano moyo kushindwa kusukuma damu au protini kwenye mkojo wa mwenye kisukari. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017 unasema ianze baada ya wiki 6 tangu pril ilipoachwa. Mimi ningeongeza kwamba mgonjwa aambiwe waziwazi, na awe anaishi mahali anapoweza kufika hospitali usiku. Hapa ndipo uvimbe unapotofautiana na kikohozi: mwenye kikohozi anahamia losatani kesho yake, mwenye uvimbe hahamii hivyo.

Hilo linazua swali: kwa nini basi tusianze na satani moja kwa moja? Pale losatani inapopatikana kwa bei ambayo mgonjwa anaimudu, sioni hoja nzito ya kuanza na pril kwa presha ya kawaida. Katika ONTARGET telmisatani ililinda moyo sawa na ramiprili. Na kwa Mwafrika asiye na tatizo la figo au la moyo, hakuna kati ya familia hizi mbili inayofaa kuwa dawa ya kwanza ikiwa peke yake. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake ulishusha presha vizuri kuliko perindoprili na haidroklorothiazaidi bila amlodipini.

Hatua ya nne: damu, na hapa satani haina msamaha

Vipimo ni viwili tu: kreatinini na potasiamu. Vinapimwa kabla ya kuanza, kisha wiki 1 hadi 4 baada ya kuanza, na tena kila dozi inapoongezwa. Mambo yakitulia, mara moja kwa mwaka inatosha kwa mtu mwenye figo nzima. Mwenye figo dhaifu anapimwa mara nyingi zaidi. Ratiba ni hiyohiyo kwa pril na kwa satani.

Sababu yenyewe ni rahisi. Anjiotensini ndiyo inayobana mshipa mdogo wa kutokea kwenye chujio la figo, na kwa kuubana inaweka msukumo wa kuchujia. Ukiiondoa, msukumo unapungua, na kreatinini inapanda kidogo. Kupanda huko kwa kiasi si ajali; ni dalili kwamba dawa imefika inapotakiwa kufika. Mpaka wake ni asilimia 30 juu ya kipimo cha mwanzo. Anjiotensini pia ndiyo inayoamsha homoni ya kutoa potasiamu kwenye mkojo, hivyo ikizuiwa potasiamu inabaki.

Mama wa Tanga alianza na kreatinini 82. Zidisha kwa 1.3 upate 107, huo ndio mpaka wake, uuandike pembeni kwenye daftari lake. Wiki mbili baada ya kuhamia losatani alipimwa: 97, potasiamu 4.8. Imepanda kwa 15, yaani asilimia 18. Anaendelea. Kama huna kipimo cha mwanzo, hiyo 97 haikuambii chochote, na ndiyo sababu nang'ang'ania kipimo kabla ya kidonge cha kwanza. Majibu yakiletwa kwa miligramu kwa desilita, zidisha kwa 88.4 ili ulinganishe na yale ya maikromoli.

Mwezi wa tano mambo yakageuka. Aliharisha siku tatu, na kwa sababu goti lilikuwa linamsumbua alikuwa akimeza diklofenaki aliyoinunua dukani. Losatani hakuiacha, maana aliambiwa asiache dawa ya presha. Alipofika alikuwa amechoka, presha 98/60, kreatinini 141, potasiamu 5.8. Kreatinini imepanda kwa asilimia 72.

Kilichotokea ni vitu vitatu kukutana kwenye figo moja. Kuharisha kumepunguza damu inayofika kwenye figo, diklofenaki imebana mshipa wa kuingilia, na losatani imelegeza ule wa kutokea. Chujio limebaki bila msukumo. Losatani na diklofenaki zikasimamishwa, na amlodipini nayo ikawekwa kando hadi presha irudi. Akapewa maji ya kurudisha mwili, akapimwa moyo kwa mashine ya umeme kwa sababu ya potasiamu, na damu ikarudiwa. Siku ya nne: kreatinini 92, potasiamu 4.6. Losatani ilirudishwa alipokuwa anakula na kunywa kawaida, presha imepanda tena, na damu ikapimwa baada ya wiki moja. Diklofenaki haikurudi, goti linapata parasetamoli.

Kwa hiyo mfundishe kila anayetumia familia hizi kwamba akiharisha au kutapika hadi hawezi kubakiza maji tumboni, asimamishe kidonge hicho hadi saa 24 hadi 48 baada ya kuanza kula na kunywa vizuri, na awasiliane na kliniki. Maneno “usiache dawa ya presha hata siku moja” ni mazuri, lakini yana hii nafasi moja ambayo lazima isemwe.

Kuhusu potasiamu, hadi 5.0 huna wasiwasi. Ikiwa imezidi 5.0 kabla ya kuanza, tafuta sababu kwanza. Ikipita 5.5 mgonjwa akiwa kwenye dawa, daktari hupunguza dozi au huisimamisha na kutafuta kinachoipandisha. Ikifika 6.0 dawa inasimama na mgonjwa anakwenda hospitali siku hiyo. Vinavyoipandisha mara nyingi ni spironolaktoni, Septrini (ndiyo, ile ya kila siku wanayopewa wanaoishi na virusi vya Ukimwi), chumvi mbadala inayouzwa kama “chumvi ya wenye presha” ambayo imetengenezwa kwa potasiamu, na kwa mwenye figo dhaifu, madafu ya kila siku.

Kabla hujashtuka, angalia sampuli. Ikiwa fundi maabara aliutafuta mshipa kwa shida, akafunga mkono muda mrefu na kumwambia mgonjwa akunje na kukunjua ngumi, au tyubu ilikaa mezani tangu asubuhi ikisubiri pikipiki ya kwenda hospitali ya wilaya, potasiamu itasoma juu bila mgonjwa kuwa na tatizo. Mara nyingi seli nyekundu zimepasuka na kumwaga potasiamu yake. Zikiwa zimepasuka, ukitazama maji ya juu ya tyubu yana wekundu badala ya umanjano. Rudia kipimo siku hiyohiyo. Lakini kama mgonjwa anatumia spironolaktoni na figo zake zinajulikana kuwa mbovu, usitumie “sampuli mbaya” kama kisingizio.

Mwanamke mwenye umri wa kuzaa

Hapa familia zote mbili zinafanana kabisa: hazitumiwi wakati wa ujauzito. Zinaharibu figo za mtoto tumboni, maji ya uzazi yanapungua, na mtoto anaweza kufa, hasa kuanzia mwezi wa nne na kuendelea. Mwulize kabla ya kuandika, si baada. Anayepanga kubeba mimba ahamishiwe methildopa, nifedipini ya kutoka polepole au labetaloli. Aliyechelewa siku zake asimamishe kidonge na apimwe mkojo siku hiyo, huku kliniki ikimpa dawa mbadala ili presha isibaki wazi.

Nini kiandikwe kwenye daftari

Daftari la kliniki ndilo linalosafiri na mgonjwa, kwa hiyo andika kwa namna ambayo mtu asiyemjua ataelewa. Aliyekohoa: “Lisinoprili, kikohozi kikavu kilichoanza wiki ya 5, kimeisha wiki ya 3 baada ya kuacha. Satani inaruhusiwa.” Aliyevimba, kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza: “Alivimba ulimi kwa enalaprili. Asipewe dawa yoyote inayoishia na pril.” Usiandike “ana mzio wa dawa za presha” kwa hao wawili. Anayelisoma usiku wa manane hatajua kama losatani inaruhusiwa, na anaweza kumnyima dawa iliyokuwa inamfaa au kumpa ile iliyomvimbisha.